Nilifuta ile video ya unga wa muhogo, na hii ndiyo sababu

Kama ulikuwa hapa wiki mbili zilizopita, uliona video yangu ya "unga wa muhogo kwa siku moja". Nilimenya muhogo, nikaukata vipande, nikauanika kwa mabati, jioni nikaupeleka posho mill. Watu wakaipenda, wengine wakaniambia wataijaribu. Halafu Kukhu, nyanya yangu wa Busia, akaoneshwa na binamu yangu. Alinipigia simu, hata salamu hakumaliza. "Wewe mtoto, huo muhogo ni wa aina gani? Na umeuvundika lini?"

Sikuwa na jibu. Kusema kweli nilidhani kuvundika ni mambo ya ladha tu, vile wazee hupenda ugali uwe na harufu fulani. Nilipoketi na kusoma, nikaifuta video usiku huo huo. Sasa nawadai maelezo.

Muhogo haubebi sianidi ikiwa tayari. Unabeba vipande vyake viwili, vimetengwa kama mafuta ya taa na kiberiti. Ndani ya kila seli kuna kifuko chenye linamarini, yaani sukari iliyofungwa pamoja na sianidi. Nje, kwenye ukuta wa seli, kuna kimeng'enya kinaitwa linamarase. Seli ikiwa nzima, hivi viwili havikutani. Mnyama akiuma, au wewe ukikata, ukikuna au ukitwanga, seli zinapasuka na vinakutana. Linamarase inang'oa ile sukari, kinachobaki kinavunjika, na HCN inatoka. Hiyo HCN huchemka kwa nyuzi 26 hivi, kwa hivyo kwa jua letu inapaa hewani yenyewe.

Sasa ona pale nilikosea. Nilidhani jua ndilo linatoa sumu. Lakini linamarase inahitaji maji ndiyo ifanye kazi. Vipande vyangu vilikuwa vikubwa, seli nyingi hazikupasuka, na jua likavikausha kabla ya kimeng'enya kufika kwa linamarini. Kikishakauka, kazi imesimama na linamarini imebaki ndani. Kuanika peke yake kunaweza kuacha robo hadi theluthi ya sumu iliyokuwepo. Na kuchemsha? Kwa muhogo mtamu, ule wa kula na chai, ni sawa kwa sababu linamarini yake ni kidogo tangu mwanzo. Kwa muhogo mchungu, moto unaua kimeng'enya mapema na linamarini inabaki sufuriani na wewe.

Kukhu hufanya hivi: anamenya, anarundika, anafunika kwa majani siku tatu au nne mpaka ukungu uote na muhogo ulainike. Halafu anaukwangua, anauponda, ndiyo anauanika. Ule ukungu na ulaini ni seli zikivunjika polepole huku unyevu ukiwa bado upo. Kuloweka kwa maji siku tatu hutoa sumu hata zaidi, maana linamarini yenyewe huyeyuka majini.

Sasa utauliza: mbona watu wengi hula na hawafi? Kwa sababu mwili una njia yake. Sianidi ikiingia, inaziba mahali seli hutumia oksijeni kutengeneza nguvu. Lakini kuna kimeng'enya kingine, rodanesi, kingi kwa ini, ambacho huipachika sianidi chembe ya salfa. Inageuka thiosianeti, kitu chenye sumu kidogo sana, na unaikojoa. Shida ni kwamba hiyo salfa haitoki hewani. Inatoka kwa protini unayokula: omena, mayai, nyama, maharagwe. Muhogo wenyewe una protini kidogo mno. Kwa hivyo mtu anayekula ugali wa muhogo na omena, na mtu anayekula ugali huo huo na majani tu wiki baada ya wiki, hawako kwa hatari moja. Wa pili anaishiwa na salfa, na sianidi inaanza kukaa mwilini kuliko inavyotoka.

Hapo ndipo konzo huingia. Jina ni la Kiyaka, lugha ya Kwango, kusini magharibi mwa Kongo, na linahusu miguu iliyofungwa. Daktari Giovanni Trolli aliuandika ugonjwa huu huko mwaka 1938. Mtu analala mzima, au anatembea safari ndefu kwenda shambani, halafu ghafla miguu inakakamaa. Yote miwili, kwa wakati mmoja. Akili iko sawa, lakini anatembea kwa vidole, magoti yakigongana, au hatembei kabisa. Neva zinazoleta amri ya kusonga kutoka ubongoni zimeharibika. Haiendelei kuwa mbaya zaidi, lakini haiponi. Huwapata zaidi watoto waliozidi miaka mitatu na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Kitu kilichonishtua ni sababu ya wimbi moja huko Bandundu. Desturi ilikuwa kuloweka muhogo mchungu siku tatu. Barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ikafika, malori yakaja, wafanyabiashara wakataka muhogo haraka. Watu wakapunguza kuloweka hadi siku moja. Waliokuwa wakiuza waliuza pia chakula chao kingine, na wakabaki na muhogo uliolowekwa nusu nusu na mboga isiyo na protini ya kutosha. Si ujinga. Walijua siku tatu ni siku tatu. Soko ndilo lilibana muda. Manze, na mimi nilifanya hivyo hivyo, tofauti ni kwamba lori langu lilikuwa simu.

Na usidhani ni mambo ya mbali. Mwaka 1985, wakati wa ukame, wagonjwa 39 wa konzo walipatikana Tarime, Tanzania. Tarime na Migori ni jirani, ukivuka mpaka umefika. Ukame huja na vitu viwili pamoja: muhogo unakuwa mchungu zaidi, na watu wenye njaa hawana siku tatu za kungoja.

Nilipompigia Kukhu kumuomba msamaha, nilimuuliza: je, kama unga tayari umesagwa bila kuvundikwa, tunautupa? Hakujua. Nikamweleza nilichosoma: njia ya Howard Bradbury, mwanasayansi wa Australia, iliyojaribiwa huko huko Bandundu. Unachanganya unga na maji mpaka uwe kama udongo mbichi, unautandaza kwa mkeka, unene usizidi sentimita moja, unauacha saa mbili juani au saa tano kivulini. Kusaga kulishapasua seli, kilichokosekana ni maji tu. Linamarase inaamka na HCN inapaa. Sumu inashuka mara tatu hadi sita, halafu unasonga ugali siku hiyo hiyo. Kama unga ulikuwa na sumu nyingi sana, hata hiyo haitoshi kufikia kiwango cha kimataifa cha miligramu 10 kwa kilo, kwa hivyo omena bado inahitajika kwa sahani.

Kukhu alinyamaza kidogo, akasema, "Hiyo nitawaonesha akina mama wa hapa. Lakini wewe bado utavundika."

Ndiyo nimevundika. Leo ni siku ya pili, na nyumba yangu ya Umoja inanuka vibaya. Kama ulitengeneza ule unga wangu, na muhogo wako ulikuwa mchungu au hujui ni aina gani, usiupike ulivyo. Uloweshe, utandaze, ungoje.