Barua Pepe Tatu na Neno Moja Dogo

Wiki niliyohamia shule mpya hapa Bujumbura niliandika barua pepe tatu kwa Kifaransa, lugha iliyozoeleka katika ofisi zetu. Ya kwanza ilikwenda kwa mkuu wa shule, ya pili kwa mwalimu mwenzangu wa Kiswahili, na ya tatu kwa katibu, ambaye hupokea nakala za vyeti na kuandaa faili la kila mwalimu mpya. Sikuwa nimeonana na hata mmoja wao.

Kwa mkuu nilitumia «vous» bila kusita. Kwa mwenzangu pia nilitumia «vous», kwa kuwa sikujua umri wake. Kwa katibu nilipima vyeo, nikajiona niko juu kidogo, nikaandika: «Peux-tu m'envoyer la liste des documents ?» Jibu lilikuja siku ile ile: «Monsieur, veuillez trouver ci-joint la liste demandée.» Halikuwa na salamu mwanzoni wala neno la kuagana mwishoni. Kisarufi halikuwa na kosa. Hata hivyo, nilipolisoma mara ya pili nilitambua kwamba mlango ulikuwa umefungwa kwa adabu.

Kesho yake niliingia ofisini mwake nikamkuta mama wa makamo, ambaye angeweza kunizaa.

Kosa langu lilikuwa wapi? «Tu» ina nyuso mbili. Baina ya ndugu na marafiki ni neno la ukaribu. Kutoka juu kwenda chini huweza kuwa neno la dharau. Watu wanapoonana, sauti na tabasamu huonyesha ni uso upi unaokusudiwa. Barua pepe ya kwanza haina sauti wala uso, hivyo msomaji hubaki na kipimo kimoja tu, yaani tofauti ya vyeo. Tangu siku ile hujiuliza swali moja kabla ya kuandika: je, mtu huyu akinijibu kwa «tu», nitaona ni sawa? Nisipoona hivyo, basi sina haki ya kuanza nayo.

Kwa hiyo barua zote tatu zilistahili «vous». Hilo halifuti tofauti za vyeo, kwani Kifaransa huzionyesha mahali pengine: katika maneno ya kufungulia na ya kufungia. Kwa mkuu nilifungua kwa «Monsieur le Directeur» na kumaliza kwa sentensi ndefu ya heshima, «Je vous prie d'agréer, Monsieur le Directeur, l'expression de mes sentiments respectueux». Kwa mwenzangu, «Cher collègue» na «Cordialement» zilitosha. Kwa katibu ningeandika «Bonjour Madame» na kumaliza kwa «Je vous remercie».

Mwenzangu alijibu akiongeza: «On peut se tutoyer.» Hiyo ndiyo njia salama ya kuingia katika «tu»: mwenye umri au cheo kikubwa zaidi ndiye anayeifungua. Aliyekaribishwa akiendelea na «vous» huonekana kama aliyekataa mkono alionyooshewa. Akikubali, abadilishe kila kitu: «votre» iwe «ton» au «ta», «envoyez» iwe «envoie», «s'il vous plaît» iwe «s'il te plaît». Barua inayoanza kwa «tu» na kumalizia kwa «votre» huonyesha mwandishi asiyejua amesimama wapi.

Kwa katibu sikuandika maelezo marefu. Nilimwambia ana kwa ana, «Mama, naomba unisamehe kwa namna nilivyokuandikia.» Barua iliyofuata niliiandika kwa «vous», tena kwa salamu. Jibu lake lilianza kwa «Bonjour».

Sasa nitazameni katika Kiswahili, maana hapa ndipo ninapowasahihisha kila muhula. Kirundi hufanana na Kifaransa katika jambo hili: mtu mmoja anayestahili heshima huambiwa «mwaramutse», kwa umbo la wingi. Ndiyo maana mnaniandikia, «Mwalimu, mnaweza kunisaidia?» nami nageuka kutafuta mwalimu wa pili. Katika Kiswahili sanifu, mtu mmoja hubaki «wewe», hata awe mkuu wa shule. Heshima hukaa katika jina la kumwitia, katika «shikamoo», na katika kitenzi cha kuomba. Andikeni hivi: «Shikamoo, Mwalimu. Naomba unisaidie.» Kwa katibu andikeni: «Shikamoo, Mama. Naomba orodha ya nyaraka zinazohitajika.»

Kiambishi ni kile kile cha umoja, na hakuna atakayehisi amedharauliwa. Lakini mkiondoa «shikamoo», «Mama» na «naomba», mkaacha «Nitumie orodha» peke yake, mtakuwa mmerudia barua yangu ya tatu.