Barua ya kukubali uongo, isiyodai jibu



Wengi wetu hapa Yanonge bwana zetu wanalala nyumbani siku chache tu kwa mwezi. Mmoja anabeba mizigo Kisangani, kilomita 60 hivi kwa kupanda mto. Mwingine yuko porini anachoma makala, mwingine yuko ndani ya masuwa. Mambo makubwa ya nyumba tunayapitisha kwa maneno ya mbali, na uongo nao unapita njia hiyo hiyo. Mwenzetu mmoja ametupa ruhusa ya kueleza habari yake bila kumtaja jina, kwa kuwa alihangaika sana na barua yake kabla ya kuituma.

Bwana wake alikuwa akimtumia 60,000 franga kila mwezi kwa kununua mabati ya nyumba. Kwa miezi sita zikafika 360,000. Kila alipouliza, mama alijibu kwamba mabati 14 yamekwisha kununuliwa na yanawekwa kwa dada yake. Hakuna hata moja lililonunuliwa. 280,000 alimpa mdogo wake aanze biashara ya mafuta ya ngazi, na biashara ikaanguka. 80,000 zilikwenda kwa chakula na masomo ya watoto. Kisha bwana akasema atarudi mwezi unaofuata na fundi.

Kwa nini hakumpigia telefoni? Alituambia mwenyewe: akisikia sauti ya bwana inapanda, angesema nusu na kuficha nusu. Tena bwana angepokea habari hiyo katikati ya wenzake wa kazi, na angelazimika kujibu palepale. Barua inampa mtu nafasi ya kukasirika peke yake, kuiweka chini, na kuisoma mara ya pili. Hiyo ndiyo faida yake kubwa, na ndiyo tunayoiharibu tunapodai jibu la haraka.

Tulikaa naye jioni tatu. Karatasi ya kwanza ilisema: “Baba watoto, kama nimekukosea nisamehe, lakini nawe ulikuwa unachelewa kutuma pesa ya chakula. Mungu anasamehe, nawe unisamehe. Nangojea jibu lako leo.” Tulimwomba aisome kwa sauti, kisha ajifanye kuwa ndiye bwana aliyeipokea. Alicheka, halafu akanyamaza. Ndani ya barua ile hakuna mahali panaposema amefanya nini. “Kama” inatia shaka juu ya kosa ambalo yeye analijua vizuri. “Lakini” inampa bwana sehemu ya mzigo. Maneno ya Mungu na ya “leo” yanamfunga: akikataa, yeye ndiye anakuwa mtu mubaya.

Karatasi ya pili ilikuwa na adabu zaidi, lakini ilitaja mdogo wake tu na kuacha zile 80,000. Aliona kwamba pesa ya chakula si kosa. Pengine ni kweli, lakini bwana angehesabu. Angekuta 80,000 hazina maelezo, na tangu siku hiyo asingeamini hata zile 280,000. Ukweli unaotoka kidogo kidogo unaumiza kuliko uongo wa kwanza, maana kila kipande kipya kinamwambia mtu kwamba jana pia alidanganywa.

Karatasi ya tatu ndiyo iliyokwenda. Tunaiandika hapa kama alivyotuachia:

“Baba watoto, nilikudanganya. Nilikuambia mara nyingi kwamba mabati 14 yako kwa dada. Hakuna bati. Pesa yako yote ni 360,000. 280,000 nilimpa mdogo wangu kwa biashara bila kukuuliza, na zimepotea. 80,000 tulikula na kulipa masomo. Kumpa ni kosa langu, na kukudanganya miezi sita ni kosa langu lingine. Dada hakujua kwamba nilitumia jina lake. Umefanya kazi ya mgongo kwa nyumba ambayo haipo, na ulikuwa unawaambia ndugu zako kwamba mabati yako tayari. Najua nimekupa haya mbele yao. Nitaweka 30,000 kila mwezi kutoka makala ninayouza, miezi 12, na nitaandika katika kaye ambayo utaiona. Mdogo wangu akirudisha kitu, kitaongezwa juu. Sikuombi unijibu leo wala unisamehe sasa. Ukitaka kuuliza, nitajibu yote. Usilete fundi kwanza.”

Ona kwamba neno la msamaha liko mwishoni, tena linamwachia mwenyewe. Mwaka 2016 watafiti watatu wa Amerika, Roy Lewicki na wenzake wawili, walitoa utafiti uliochukua maoni ya watu 755 juu ya sehemu sita za kuomba radhi. Iliyoonekana kuwa na nguvu kuliko zote ni kukubali kwamba kosa ni langu. Ya pili ni kusema nitatengeneza namna gani. Ile ya kuomba msamaha ndiyo ilikuwa ya mwisho. Watu wale walisoma mifano ya makosa ya kazini, si ya ndoa. Lakini inalingana na yale tuliyoyaona mezani kwetu.

Barua ilifungwa vizuri na kupewa binamu aliyekuwa anapanda Kisangani, mtu asiyefungua vya watu. Kisha ikaja kazi iliyo ngumu kuliko kuandika: kungoja. Siku ya tatu mama alitaka kumtuma mjomba akamtulize bwana. Tulimzuia. Mjomba, pasta, au mtoto aliyepewa telefoni aseme “Papa, samehe mama”, wote ni njia ya kudai jibu kwa mkono wa mwingine. Tulikubaliana afanye kitu kimoja tu: aanze kaye. Mwisho wa mwezi ule aliandika 30,000 za kwanza, bwana akiwa hajajibu bado.

Siku ya kumi na moja bwana alipiga. Hakusema amesamehe. Aliuliza kama dada alijua, ingawa barua ilikwisha kulijibu, na mama alijibu tena bila kusema “nilikwisha kuandika”. Mtu aliyedanganywa huuliza jambo moja mara nyingi ili kuona kama jibu litabadilika. Leo ni mwezi wa tano. Kaye ina 150,000. Bwana alikuja mara mbili, akalala nyumbani, akahesabu. Mabati sasa atanunua yeye mwenyewe. Bado hajarudisha pesa mkononi mwa mama, na mama hajamwuliza ni lini.

Kuna mahali barua hii haifai. Kama bwana hasomi, usimpe mtu mwingine amsomee siri yenu; ngoja aje, andika kwa ajili yako ili usisahau sehemu, kisha umwambie kwa mdomo. Na kama ni mtu anayepiga, usimtumie karatasi ukabaki peke yako nyumbani. Kwanza mwambie mtu unayemwamini, panga mahali pa kulala, na pengine usiandike kabisa.

Kwa wengine, kabla ya kufunga bahasha, fanyeni kama alivyofanya mwenzetu. Soma kwa sauti, na weka alama kila penye “kama”, “lakini” na “wewe”. “Wewe” inayotaja maumivu yake, iache. Ile inayomlaumu au kumwagiza asikie nini moyoni, ikate. Kisha hesabu namba zako mara mbili, kwa sababu yeye atazihesabu.