Ziwa Tulilibeba Tumboni

Wenzangu wa Gisozi, Kimironko na kambini, leo nawaandikia juu ya kichocho, ule ugonjwa ambao wazee wa kwetu waliosoma Kifaransa wanauita bilhazia. Najua wengine mtasema: sisi tunaishi mlimani Kigali, maji yetu ni ya bomba na jerikani, kichocho kinatuhusu nini? Kinatuhusu kwa sababu wengi wetu tumekulia kando ya maji. Na huu ugonjwa una tabia moja mbaya: mtu anaupata utotoni, anahama nchi, anasahau hata jina la ule mto, halafu unakuja kumwangusha akiwa mtu mzima.

Nitatumia mfano wa kaka yangu mkubwa, ambaye nyumbani tunamwita Yaya. Amekubali niandike. Yeye alikulia bonde la Rusizi, upande wa Kongo, kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga. Kila siku miguu majini: kupanda mpunga, kuoga, kuvua visamaki. Bonde hilo limegawanyika kati ya Kongo na Burundi, na kule Burundi watafiti walishaandika juu ya kichocho cha tumbo tangu miaka ya 1980. Yaya aliondoka akiwa na miaka 17. Hapa Gisozi alipata kazi kwa mafundi seremala wa Gakiriro, na hakuingia tena katika maji ya ziwa wala ya mfereji kwa miaka 11.

Sasa tuelewe kilichoingia ndani yake. Mtu mwenye kichocho cha tumbo anatoa mayai ya minyoo kwenye choo kikubwa. Kama amejisaidia mtoni, au mvua imesukuma uchafu hadi mferejini, yai linapasuka majini na kutoa kiluwiluwi kidogo ambacho jicho halikioni. Hicho kina saa chache tu za kumtafuta konokono, haraka sana siku moja isipite. Na si konokono yeyote. Ni yule mdogo, bapa, aliyejiviringisha kama kamba iliyokunjwa chini, ambaye wataalamu wanamwita Biomfalaria. Anapenda maji yaliyotulia yenye majani, yaani hasa mfereji wa mpunga au pembe ya ziwa yenye matete. Asipompata huyo, anakufa, hadithi inaishia hapo.

Akimpata, anaingia mwilini mwake na kuanza kujizidisha. Baada ya wiki nne au zaidi, konokono mmoja aliyeingiwa na kiluwiluwi kimoja anaweza kutema maelfu ya viluwiluwi vipya vyenye mikia. Vinatoka kwa wingi jua likiwa kali, karibu na mchana, saa zile zile ambazo watoto wanaoga na mama zetu wanafua. Vinapenya ngozi nzima, isiyo na kidonda, kwa dakika chache. Pengine unawashwa kidogo, pengine huhisi kitu. Vinaacha mkia nje, vinapita kwenye damu hadi mapafu, kisha ini. Huko vinakua, dume na jike wanaoana, na wanahamia pamoja kwenye mishipa ya damu inayozunguka utumbo. Jike anataga mayai mia moja hadi mia tatu kwa siku. Wanaishi hivyo miaka mitatu hadi kumi kwa kawaida, na kuna waliogunduliwa wakiwa hai baada ya miaka 30.

Hapa ndipo wengi tunakosea kufikiri. Tunadhani mnyoo ndiyo unaoharibu mwili. Hapana, ni mayai. Karibu nusu ya mayai hayatoki na choo. Damu inayatoa kwenye utumbo na kuyapeleka kwenye ini, yanakwama katika mishipa midogo. Mwili unayazunguka ili kuyazuia, na pale pote panabaki kovu. Mwaka baada ya mwaka makovu yanaikaba mishipa. Damu inayotoka utumboni inakosa njia ya kupita kwenye ini, inarudi nyuma kama maji ya mfereji ulioziba. Bandama inavimba. Mishipa ya koo la chakula inajaa na kuvimba, kuta zake zinakuwa nyembamba, na siku moja inapasuka.

Kwa Yaya dalili zilikuwa za polepole. Uzito chini ya mbavu za kushoto, kumbe ni bandama. Choo chenye damu mara moja moja. Kuchoka haraka kazini. Macho hayakuwa ya njano, na hili ni la kuzingatia: katika kichocho chembe za ini zinaendelea kufanya kazi kwa muda mrefu, kwa hiyo mgonjwa anaonekana mzima kuliko mwenye ini lililoharibiwa na pombe au homa ya ini. Halafu usiku mmoja akatapika damu, beseni nzima.

Nanyi mnajua kwetu tumbo likivimba au mtu akitapika damu watu wanasema nini. Karuho. Amelishwa sumu. Majina ya watu yakaanza kutajwa, na wengine wakamtengea sahani na kikombe wakiogopa kuambukizwa. Jirani mmoja, mama wa makamo, ndiye aliyesema: "Mwanangu, muacheni mchawi, mpelekeni hospitali kwanza."

Kipimo cha kwanza cha choo hakikuonyesha kitu. Msikate tamaa kwa hilo: katika ugonjwa wa zamani mayai yanayotoka ni machache, na kipimo kinachunguza kipande kidogo tu cha choo. Chake kilirudiwa, na mara ya tatu wakaona yai lenye mwiba ubavuni, alama ya kichocho cha tumbo. Picha ya mawimbi ya sauti ikaonyesha mishipa ya ini yenye kuta nene na bandama kubwa. Kwa kamera ya mdomoni daktari aliifunga ile mishipa iliyovimba kwa vipira vidogo.

Dawa ya minyoo yenyewe ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili. Yaya ana kilo 58, hesabu inatoa miligramu 2,320, akapewa vidonge vinne vya 600 baada ya kula. Inaua minyoo mikubwa, ila midogo inaiponyoka, ndiyo maana aliyetoka majini juzi huhitaji kurudia baada ya wiki kadhaa. Na haifuti makovu ya miaka mingi. Minyoo imekufa, lakini Yaya bado anakwenda kuangaliwa mishipa yake.

Kuhusu sahani: kichocho hakipiti kwenye chombo, kitanda wala jasho. Hata choo cha mgonjwa hakimwambukizi jirani moja kwa moja, kwa sababu bila konokono na maji hakuna njia. Rudisheni sahani mezani.

Kwa ninyi mnaotuhudumia, nawaomba jambo moja. Wanafunzi wanapewa dawa shuleni, na waliosafirishwa kwenda Amerika walimezeshwa prazikwanteli kabla ya ndege. Aliyekuja mjini akiwa mtu mzima, bila shule na bila safari, anapita katikati. Akisema tumbo zito au damu chooni, msimuulize tu anakaa wapi. Muulizeni alikuwa anaoga wapi akiwa mtoto. Na wewe kijana wa Uvira, Rusizi, Bujumbura au Kalemie, usipoulizwa, sema mwenyewe.