Waraka wa Msanifu kwa Mchoraji wa Taswira

Msanifu wa majengo huiona nyumba kabla haijajengwa, na mchoraji wa taswira huwaonyesha wengine kwa kompyuta kile ambacho msanifu peke yake alikuwa akikiona. Kati ya watu wawili hawa hupita waraka. Waraka ukiwa na maneno ya sifa tu, kama vile "mwanga mwanana" au "hali ya utulivu", kila mmoja atafahamu alitakalo, na picha itakayotoka itakuwa nzuri lakini ya uongo.

Tuchukue mfano wa nyumba katika Mji Mkongwe wa Unguja, mji ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Nyumba ina urefu wa mita 10 kwenda juu, imetazama kaskazini, na mbele yake ni kichochoro cha mita 3. Ng'ambo ya kichochoro ipo nyumba nyingine ya kimo kile kile. Mwenye nyumba ataka kujenga roshani ya mbao katika orofa ya juu, na hapana budi jirani na wakaguzi waone kwanza itakavyokuwa.

Jambo la kwanza katika waraka ni hali ya picha, na msanifu mwenye busara huieleza kwa saa, si kwa sifa. Huandika: tarehe 21 Juni, saa 10 alasiri. Saa hiyo jua la Unguja limesimama kiasi cha digrii 30 juu ya upeo, upande wa magharibi unaoelekea kaskazini. Likipita juu ya paa la jirani, hugusa mita 3 na kitu za juu za ukuta wetu. Zilizobaki zote zimo kivulini. Kwa hiyo roshani itang'aa, na baraza ya chini haitapata hata mshale mmoja wa jua. Mchoraji atakayeimwagia baraza jua ili mlango upendeze atakuwa ameubomoa ukuta wa jirani bila nyundo. Tena atakuwa ameficha sifa halisi ya baraza ile, yaani kivuli ambacho watu hukikimbilia.

Kosa lililo kubwa zaidi hutokea programu ikiachwa na mahali pa nchi za kaskazini ya mbali. Huko jua la adhuhuri hutoka kusini, na roshani yetu itaonekana gizani mwezi wa Juni, kinyume cha kweli. Njia ya kulitambua kosa hilo ni nyepesi. Simamisha katika mfano wa kompyuta mti wa mita 3 mahali peupe, kisha weka saa 6 na dakika 25 mchana, tarehe ile ile. Kivuli hakina budi kulala kusini, urefu wake karibu mita 1.7. Kikilala kaskazini, picha zote zisitazamwe mpaka mahali parekebishwe.

Jambo la pili ni mahali pa kutazamia. Katika kichochoro cha mita 3 hapana mtu awezaye kuuona uso mzima wa nyumba kwa mara moja. Kompyuta lakini yaweza kuifuta nyumba ya jirani na kurudi nyuma itakavyo. Waraka huikataza hila hiyo: jicho liwe mita 1.6 juu ya ardhi, ndani ya kichochoro, mita 12 magharibi ya mlango, likitazama mashariki. Kamera isiinamishwe kwenda juu, maana kuta zitaonekana kana kwamba zaangukiana. Ishikwe sawasawa, na lenzi peke yake ndiyo ipandishwe.

Jambo la tatu ni vifaa. Ukuta ni wa mawe ya matumbawe uliopakwa chokaa, na chokaa si weupe wa karatasi. Ukiamuru ukuta uakishe mwanga wote unaoupiga, vivuli hufifia na ukuta huonekana kama umekatwa kwa mkasi. Waraka huweka mpaka wa sehemu 8 katika 10, na huomba mawimbi madogo ya mkono wa mwashi, pamoja na madoa ya mvua chini ya kingo. Mbao za roshani ziwe mpya, kwa sababu ni mpya. Kuzizeesha ni kumdanganya mkaguzi kwamba hakuna kilichoongezwa.

Mwisho huja mipaka ya kazi. Picha ni 4. Kwanza zitolewe zote kwa rangi moja ya kijivu, bila vifaa, ili jua na jicho vikubaliwe kabla ya jambo jingine. Kuhamisha kamera baada ya rangi kukamilika ni kuianza kazi upya. Mti usiokuwapo usipandwe, na waya za umeme zilizopo zisiondolewe.

Jirani akishapewa picha iliyofuata waraka huu, aweza kusimama mahali pale pale saa 10 alasiri, akainua macho, na kuona ni kiasi gani cha anga yake roshani itakichukua. Akikubali, amekubali jambo analolijua. Na akikataa, vivyo hivyo.