Shilingi Elfu Sitini

Tulikuwa watatu. Mkutano mkuu wa usharika ulituchagua tukague sadaka na mfuko wa ujenzi, nasi tukakubali upesi, tukidhani ni kazi ya jioni mbili. Mmoja wetu ni mwalimu mstaafu, wa pili huuza nafaka sokoni, na wa tatu ni karani wa ghala. Hatukujua kwamba kazi ile ingetufikisha sebuleni kwa mzee tunayemheshimu, wala kwamba tungetoka pale tukiona aibu yetu wenyewe.

Tulianza na karatasi tatu za kila Jumapili: fomu ya kuhesabia sadaka, kitabu cha fedha cha mtunza hazina, na hati ya kuweka fedha benki. Tulizipanga mezani kwa tarehe, tukasoma moja baada ya nyingine. Sadaka ya kawaida ililingana. Mfuko wa ujenzi haukulingana. Kwa Jumapili kumi, fomu zilionyesha jumla ya shilingi 3,460,000, na benki ilikuwa imepokea 2,785,000. Zilipungua 675,000.

Kwa kweli dalili ilikuwa wazi hata kabla ya kujumlisha. Hati za benki zilikuwa na tarakimu safi mno: laki mbili na nusu, laki tatu. Sadaka ya kapu haiji hivyo. Ina mkia wa mia mia, kwa sababu watoto na wajane hutoa sarafu. Mkia ukikatika kati ya kapu na benki, ujue kuna mtu amegusa fedha njiani, kwa nia njema au mbaya.

Tulikwenda nyumbani kwa mtunza hazina. Tulimwamkia, tukanywa chai, kisha tukamwonyesha karatasi. Hakukasirika. Alisema, "Wanangu, saruji ilikwisha katikati ya wiki, mafundi wamekaa. Ningesubiri benki mpaka lini?" Alikuwa akilipa kutoka kwenye mfuko wa sadaka kabla ya kuupeleka benki, kisha anapeleka kilichobaki. Alitafuta kwenye sanduku lake, akatoa stakabadhi za mifuko 30 ya saruji kwa shilingi 16,500 kila mmoja, yaani 495,000. Zilibaki 180,000, ambazo alisema alimpa fundi kidogo kidogo bila kuandikiana.

Tulimwona fundi. Alikumbuka kupokea 120,000. Hakuapa kwamba ndizo zote, alisema tu ndizo anazozikumbuka.

Basi zikabaki shilingi elfu sitini. Mtu anaweza kusema ni fedha kidogo. Lakini habari ilikwisha kutoka nje, na siku hizo mzee yule, aliyekaa kiti cha mbele miaka mingi, alianza kukaa karibu na mlango. Hatukuweza kusema ameiba. Ubaya ni kwamba hatukuweza pia kusema hakuiba.

Hapo ndipo tulipojitazama. Sahihi kwenye zile fomu zilikuwa za nani? Mbili kati ya kumi zilikuwa zetu. Tulikuwa tumetia sahihi huku nafasi za noti na sarafu zikiwa tupu, tukiharakia mnada wa sadaka uliokuwa umeanza nje, na kumwachia mzee ajaze. Kwa kuwa benki hufungwa Jumapili, tulimwacha abebe mfuko mpaka nyumbani, peke yake, jua likiwa linazama. Tuliita jambo hilo kumwamini. Kumbe tulikuwa tumemwacha bila shahidi.

Katika baraza la wazee ndugu mmoja alitukumbusha 2 Wafalme 12, kwamba waliokabidhiwa fedha za kuwalipa mafundi wa hekalu hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Kwa nini basi tumdai mzee wetu? Tulirudi nyumbani tukaisoma sura yote. Mwanzoni makuhani walipokea fedha kila mmoja kwa watu aliowajua, na hadi mwaka wa 23 wa mfalme Yoashi mabomoko ya nyumba yalikuwa hayajatengenezwa. Ndipo Yehoyada kuhani akachukua kasha, akatoboa tundu kwenye kifuniko chake, akaliweka kando ya madhabahu. Lilipojaa, walikuja watu wawili, karani wa mfalme na kuhani mkuu, wakazihesabu na kuzifunga mifukoni. Wasimamizi wa kazi walipewa baada ya hapo, wawalipe mafundi. Wale waaminifu hawakudaiwa hesabu, lakini fedha iliyofika mikononi mwao ilikuwa imekwisha kuhesabiwa na wawili waliotoka nyumba tofauti.

Tukapendekeza utaratibu, na baraza likaupokea. Makapu yanatoka madhabahuni hadi meza ya kuhesabia yakibebwa na wawili, bila kupitia chumba kingine. Wanaohesabu ni watatu, wasio wa familia moja, wanaobadilishwa kila mwezi, na mtunza hazina si mmojawao. Noti zinapangwa kwa aina. Mmoja anahesabu, wa pili anarudia bila kuambiwa alichopata mwenzake. Wakitofautiana wanaanza upya. Idadi ya kila noti na sarafu inaandikwa kwa kalamu ya wino, nafasi isiyo na kitu inapigwa mstari, na hakuna anayetia sahihi kabla ya jumla kuandikwa. Bahasha za ahadi zinafunguliwa mbele ya wote watatu. Kilichomo kikitofautiana na kilichoandikwa juu, mwenye bahasha anaambiwa wiki hiyohiyo.

Fomu ina nakala tatu: ya mtunza hazina, ya mchungaji, na ya wakaguzi. Fedha zinalala katika kasha la chuma lenye kufuli mbili, funguo zikiwa nyumba mbili. Jumatatu zinakwenda benki zote, pamoja na mkia wake. Saruji ikiisha Jumatano, inalipwa kwa fedha iliyotolewa benki kwa sahihi mbili, na fundi anatia sahihi kwenye daftari hata akipewa elfu tano. Jumapili inayofuata jumla inasomwa ibadani, na mwisho wa mwezi mtu asiyehesabu analinganisha fomu na taarifa ya benki.

Utaratibu huu una mpaka wake. Hauwezi kuona noti iliyochukuliwa kabla kapu halijafika mezani, ndiyo maana wabebaji ni wawili. Wala hauoni mfuko wa saruji uliotoka stoo usiku. Kwa hilo tulianzisha daftari la stoo, la kuingiza na kutoa.

Kuhusu zile elfu sitini, wengine walishauri mzee azilipe ili yaishe. Naye alikuwa tayari. Tulikataa, kwa sababu kulipa kungekuwa kukiri jambo ambalo hakuna aliyelithibitisha. Tuliandika katika taarifa kwamba hazina uthibitisho, na chini yake tukaandika kosa letu la kutia sahihi fomu tupu. Mwalimu aliisoma mbele ya mkutano mkuu. Sauti yake ilitetemeka kwenye sehemu yetu.

Mzee aliomba kupumzika utunza hazina. Baada ya miezi kadhaa jina lake liliwekwa katika zamu ya kuhesabu. Jumapili hiyo alifika na miwani yake, akahesabu sarafu, kijana aliyekuwa naye akarudia. Walitofautiana kwa shilingi mia mbili. Kijana akasema, "Shikamoo babu, tuandike tu yako." Mzee akazimwaga tena mezani zote. "Marahaba," akasema. "Anza wewe."