Kitenzi cha Kumkaribisha Meneja

Mgeni alikuwa meneja rasilimali watu, na ukumbi ulikuwa umejaa wachapaji, madereva na wasanifu kurasa waliokwisha kusikia fununu za kupunguzwa. Chama chao kilinipa kipaza sauti kwa sababu moja tu: mimi si mwajiriwa wa kampuni ile. Nimtambulishe, nikae.

Sifa za mgeni hazikunisumbua. Nilitaja jina, cheo na miaka aliyokaa pale, basi. "Mgeni rasmi" nililiweka kando, maana linadai makofi, na kumwomba makofi mtu anayeogopa kukosa ada ya mtoto ni kumdhihaki. "Mwenzetu" nalo nililiacha. Wengine wangeguna.

Kilichonichelewesha usiku uliotangulia ni kitenzi. Ukisema "wafanyakazi watakaopunguzwa", hiyo -taka- imeshamaliza kikao kabla hakijaanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri atoe kwanza taarifa ya kusudio, aweke wazi taarifa zinazohusika, kisha ashauriane na wafanyakazi: kwa nini apunguze, kuna njia gani ya kuepuka, watu watachaguliwaje, lini, na kwa malipo gani. Kisheria, basi, lilikuwa bado kusudio. Kwa upande mwingine, kusema "wanaofukuzwa" ni kumhukumu mgeni kabla hajafungua mdomo.

Halafu kuna vile vitenzi vyetu vya gazetini. "Anadai kuwa kampuni ina hasara" kinanong'ona kwamba anadanganya; "atafafanua hasara ya kampuni" kinamkubalia kwamba hasara ipo. Nikaandika "atasema", neno kavu lisilo na rafiki. Nikasimama na haya:

"Ndugu wanachama, mwajiri ameleta taarifa ya kusudio la kupunguza wafanyakazi. Chama kimepinga kwa barua. Meneja ameitwa na chama, naye amekubali kuja. Atasema sababu za mwajiri kwa dakika kumi na tano. Baada yake, dakika arobaini ni zenu. Maswali yatapokelewa kwa zamu, na majibu yataandikwa kwenye muhtasari."

Ile "ameitwa na chama, naye amekubali" niliipenda. Inawakumbusha wenyeji kuwa nyumba ni yao, na inampa mgeni heshima ya aliyeitika mwito, bila kumsifu.

Mzee mmoja wa mitambo akanyanyuka. "Mwandishi, mbona unazunguka? Sema anatufukuza!"

"Shikamoo mzee wangu. Hilo muulize yeye, na uwe wa kwanza."

Minong'ono, kicheko kidogo, akakaa. Meneja alizungumza, na hakuna aliyempigia makofi wala kumzomea. Kisha mzee akasimama tena, safari hii na karatasi mkononi, akauliza swali ambalo hata mimi sikulitarajia kwa ukali wake:

"Orodha ya majina mmekwisha kuiandika, au bado?"

Meneja alitazama mezani kwa muda mrefu. Katibu alikuwa tayari na kalamu.