Mistari Mitupu Iliyonielemea

Wanafunzi wapenzi,

Napenda kuwasimulia kosa langu mwenyewe, ili lisije likawapata wale wanaojifunza kompyuta.

Daftari letu la matokeo lipo kwenye Excel. Lina wanafunzi 86, kila mmoja na mstari wake, na masomo 9. Siku mbili kabla ya kikao cha wazazi nilitaka kulituma kwa mwalimu mkuu, likakataa kwenda. Nilipotazama ukubwa wake, lilikuwa megabaiti 22! Nikadhani alama za miaka iliyopita ndizo zimelijaza, nikakaribia kuzifuta. Alama zile ni amana yenu, na hazikuwa na kosa lolote.

Rafiki yangu mmoja akaniambia, "Ustadh, kabla hujafuta kitu, bonyeza Ctrl+End." Funguo hizo hukupeleka kwenye kisanduku cha mwisho ambacho Excel inakihesabu kuwa kimetumika. Mwanafunzi wetu wa mwisho yuko mstari wa 91, lakini mimi nilijikuta mstari wa 1048576, ambao ndio mwisho kabisa wa ukurasa. Hapo nikakumbuka: siku moja nilichagua visanduku kuanzia majina hadi chini kabisa, nikavipigia mistari ya mipaka. Kisanduku kitupu chenye mpaka au rangi nacho huandikwa ndani ya faili. Mamilioni ya visanduku vitupu yalikuwa yakihifadhiwa pamoja na majina yenu.

Kwanza nilitunza nakala ya faili. Kisha nikabofya namba ya mstari wa 92 pembeni, nikabonyeza Ctrl+Shift na mshale wa chini, nikabofya kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua Delete. Angalieni hapa: ufunguo wa Delete kwenye kibodi hufuta maandishi tu, mipaka hubaki. Nikahifadhi, nikajaribu Ctrl+End tena, nikasimama mstari wa 91. Faili likashuka hadi megabaiti 1.6.

Bado lilikuwa kubwa. Nikabonyeza Alt+F10, ikatokea orodha ya picha zote za ukurasa ule. Nembo ya madrasa ilikuwemo mara 7! Kila muhula nilibandika mpya juu ya ile ya zamani, nami nikawa naiona moja tu. Nikaondoa 6, likabaki kilobaiti 250, na likaenda mara moja.

Tahadhari moja: ukurasa mwingine ukiwa na hesabu inayotegemea mistari unayoifuta, huenda ukaona #REF! mahali pa jibu. Ukiiona, usihifadhi, rudi kwenye nakala yako.

Alama zenu zote zilifika kikaoni, hata za mwaka wa kwanza. Siku hizi nikipiga mipaka, naishia kwa mwanafunzi wa mwisho.